Bei Rahisi na Bei ya Haki

Tabia ya mtu haionekani mahali pengine upesi kama inavyoonekana sokoni. Nyumbani mtu hulindwa na mapenzi ya jamaa zake, na shuleni hulindwa na amri za mwalimu. Lakini sokoni, mbele ya fungu la nyanya, hana mlinzi wala mwamuzi ila akili na dhamiri yake. Hapo huulizwa swali dogo ambalo wenye hekima wameliuliza tangu zamani: bei ya haki ni ipi? Je, ni ile ndogo kuliko zote ambayo mnunuzi aweza kuipata kwa ulimi wake, au ni ile kubwa kuliko zote ambayo muuzaji aweza kuitoza? Au ipo nyingine, baina ya hizo mbili, ambayo mnunuzi na muuzaji waweza kuagana nayo pasipo mmoja kumwonea haya mwenziwe?

Ili swali hili lisielee hewani kama moshi, na tulifuate katika safari ya marafiki wawili waliokwenda soko la Kongowea, Mombasa, kununua vitu vya karamu. Majina yao hayana haja. Mmoja nitamwita Ukarimu na wa pili nitamwita Hesabu, kwa sababu hizo ndizo sifa zilizowatawala. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari. Bibi yake Ukarimu, aliyemlea tangu utoto, alikuwa akitimiza miaka 70 siku ya pili yake, na marafiki hao walitaka kumwandalia chakula cha mchana cha watu 12. Fedha yao ilikuwa shilingi 2,500: Ukarimu alitoa 1,500 alizoziweka kwa kuuza mayai ya kuku wake, na Hesabu alitoa 1,000 kwa ajili ya urafiki.

Walipofika karibu na lango la soko, Ukarimu alisimama mbele ya duka moja la mikate. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na keki nyeupe iliyopambwa maua, na bei yake shilingi 1,500. Ukarimu akasema, "Mwenzangu, bila ya keki hii watu watasema bibi yangu hakufanyiwa kitu." Hesabu akajibu, "Keki hii itachukua sehemu tatu katika tano za fedha yetu. Wageni watakula kipande kimoja kimoja, kisha watatazamana." Mwenye duka aliyasikia maneno hayo, akawaambia kwa upole kuwa waweza kuichukua kwa deni, kwani bibi anajulikana na fedha italipwa mwisho wa mwezi.

Hilo lilikuwa jaribio la kwanza, na si dogo. Tuangalie deni lile lilikuwa la nani. Ukarimu hakuwa na mshahara. Mwisho wa mwezi mwenye duka asingemwendea mwanafunzi, bali angemwendea bibi. Zawadi ambayo mpewaji ndiye atakayeilipia si zawadi, bali ni mzigo uliofunikwa kwa maua. Tena, aliyetaka kuheshimiwa kwa keki ile si bibi. Bibi hakuitaka wala hakuijua. Aliyeogopa maneno ya watu ni Ukarimu mwenyewe. Ukarimu wa kweli humtazama anayepewa. Ukarimu wa uongo hujitazama katika macho ya watazamaji. Ukarimu alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Bibi hupenda mahamri ya iliki. Tutamfanyia hayo." Wakampa mwenye duka shukrani, wakaendelea na safari yao.

Kabla ya kuingia sokoni, Hesabu alitoa karatasi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuanza kuandika vitu alivyovitamani. Alianza na idadi ya watu. Watu 12 wakila wali, kila mmoja hutosheka na gramu 150 za mchele mkavu, na jumla yake ni kilo moja na gramu 800. Basi akaandika kilo mbili, ili kupata ziada ya mgeni asiyealikwa. Mbaazi, kilo moja. Nazi sita: tatu za wali, mbili za mbaazi, moja ya mahamri. Samaki wadogo 12, mmoja kwa kila mtu. Mchicha mafungu sita. Ukwaju na sukari kwa kinywaji. Mwisho akatenga shilingi 150 za nauli ya kurudi na mzigo, akazitia katika mfuko wa pili, kwa kuwa fedha ya nauli ikikaa pamoja na fedha ya matumizi huitika kila inapoitwa.

Meza ya kwanza waliyoiendea ilikuwa ya mchele. Wauzaji wawili walikaa bega kwa bega. Mmoja alipima kwa mizani, akauza mchele wa Mwea kwa shilingi 160 kilo. Wa pili aliuza mchele wa namna ile ile kwa kopo alilolisema kuwa ni la kilo, na bei yake shilingi 150. Ukarimu alikwisha kuinua mfuko ili atiliwe makopo mawili. Hesabu akaomba ruhusa kulishika kopo likiwa tupu. Aliligeuza, akaona kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Akanunua kopo moja, akamwomba yule jirani amtilie katika mizani. Sindano ikasimama kwenye gramu 900.

Hapa msomaji achukue kalamu. Ikiwa gramu 900 ni shilingi 150, kila gramu 100 ni shilingi 16 na senti kidogo zaidi ya 60, na kilo nzima ni karibu shilingi 167. Mchele ulioitwa rahisi ulikuwa ghali kuliko ule ulioitwa ghali, kwa shilingi saba kila kilo. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili haulizi bei kwanza. Huuliza kipimo kwanza, kisha bei. Bei bila ya kipimo ni neno tupu.

Lakini swali la mizani si la hesabu peke yake. Katika nchi ya Kenya iko Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ambayo hutaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri. Na kabla ya sheria hiyo, Korani na Biblia zote mbili zimemlaani mtu apunguzaye kipimo. Kwa nini jambo dogo la gramu 100 lilaaniwe kwa ukali hivyo? Kwa sababu anayepunguza kipimo humwibia zaidi yule asiyeweza kujitetea. Tajiri hununua gunia zima na mizani anayo. Maskini hununua kopo. Mtoto aliyetumwa na mama yake hawezi kujua kitako kilichobonyezwa. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alileta mfano wa muuza duka asiyemtoza mnunuzi mgeni zaidi ya wengine, hata mtoto mdogo hununua kwake kwa bei ile ile anunuayo mtu mzima. Lakini Kant hakuishia hapo. Aliuliza kama muuzaji huyo afanya hivyo kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa sifa njema huleta wanunuzi. Kwa nje matendo hayo mawili hufanana. Tofauti yake hujulikana siku ambayo uongo utaleta faida na hakuna atakayegundua.

Hesabu alirudisha mchele kwa mwenye kopo, naye akairudisha fedha bila ya neno, macho yake yakiwa chini. Wakanunua kilo mbili kwa jirani yake, shilingi 320. Kwa muuzaji huyo huyo wakapata mbaazi kavu kilo moja, shilingi 200, baada ya kuzitazama kama zina vitundu vya wadudu. Mbaazi hizo zingerowekwa usiku ule, maana zikitiwa motoni bila ya kurowekwa hula makaa mengi, na makaa nayo yana bei.

Nazi hazikuwachukua muda mrefu. Ukarimu, aliyefunzwa na bibi, alitikisa kila moja karibu na sikio. Nazi iliyojaa maji husema kwa sauti nzito. Iliyopasuka ndani huwa imepoteza maji yake, na husema kidogo au hunyamaza. Alitazama na macho ya nazi, akaziacha mbili zilizokuwa na ukungu hapo. Nazi sita kwa shilingi 50 kila moja zikawa shilingi 300.

Kwenye samaki palikuwa na mafunzo zaidi. Muuzaji wa kwanza alikuwa na tafi kwa shilingi 280 kilo, na wa pili alikuwa na tafi kwa shilingi 400. Yule wa kwanza aliita, "Njooni wanangu, samaki wa leo hawa, wametoka majini sasa hivi!" Ukarimu aliwainamia. Macho ya samaki yalikuwa yamezama na kuingia ukungu. Alifunua shavu la mmoja, akaona matamvua yamegeuka rangi ya udongo badala ya wekundu wa damu. Akabonyeza nyama kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Samaki mpya jicho lake hutokeza na kung'aa, na nyama yake ikibonyezwa hurudi mahali pake. Samaki hao hawakuwa wa leo, wala pengine hawakuwa wa jana.

Je, muuzaji huyu alitenda kosa? Mwanachuoni wa karne ya 13, Tomaso wa Akwino, alilifikiri jambo la namna hii. Alisema kuwa muuzaji hulazimika kumwambia mnunuzi kasoro iliyofichika yenye madhara. Lakini kasoro ikiwa wazi, kama vile farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, almuradi apunguze bei kwa kadiri ya kasoro hiyo. Kwa kanuni hiyo mtu aweza kumtetea muuza samaki: macho ya samaki yalikuwa wazi kama jicho la farasi yule, na bei ilikwisha kupunguzwa kwa shilingi 120.

Utetezi huo una sehemu ya kweli na sehemu ya udhaifu. Sehemu ya kweli ni kwamba si dhambi kuuza kitu hafifu kwa bei hafifu. Nyanya iliyopondeka hufaa kwa mchuzi, na maskini hufurahi kuipata. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, kasoro iliyo wazi ni wazi kwa nani? Kwa Ukarimu, aliyelelewa na bibi mjuzi, jicho la samaki ni kitabu kilichofunguliwa. Kwa mgeni wa bara asiyepata kununua samaki, ni jicho tu. Pili, nyanya iliyopondeka haimdhuru mlaji, lakini samaki aliyeoza aweza kuwaumiza watu 12 kwa siku moja, na kitu chenye madhara hakina bei ya haki, hata kikitolewa bure. Tena, muuzaji huyu hakunyamaza tu. Alisema ni samaki wa leo. Kunyamaza kwaweza kujadiliwa na wanavyuoni. Uongo hauhitaji majadiliano. Marafiki wale walimwendea wa pili, wakachagua tafi 12 waliokuwa na uzito wa kilo moja na nusu, wakalipa shilingi 600. Wangesafishwa, kutiwa chumvi na kukaangwa usiku ule ule, maana samaki hangojei karamu.

Mpaka hapa mnunuzi ndiye aliyekuwa katika hatari, na wauzaji ndio waliopimwa. Lakini mizani ya haki ina sahani mbili, na saa ya kumi na mbili jioni sahani ya pili ilishuka.

Pembeni mwa soko, juu ya gunia lililotandikwa chini, alikaa mama mmoja na mafungu manane ya mchicha. Jua lilikuwa likizama. Hesabu aliuliza bei, akaambiwa shilingi 20 fungu. Akasema, "Mama, kule nyuma wanauza kwa shilingi 10." Hesabu hakuwa ameuliza mchicha mahali popote jioni ile. Yule mama alitazama jua, akatazama mchicha wake, akasema, "Basi chukueni, wanangu. Usiku umeingia."

Hesabu alifurahi. Alihesabu kuwa mafungu sita yaliyokuwa ya shilingi 120 sasa ni 60 tu. Lakini Ukarimu alimvuta kando, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mwenzangu, ni nani uliyemsikia akiuza kwa shilingi 10?" Hesabu akasema, "Hayo ni maneno ya sokoni. Kila mtu husema hivyo." Ukarimu akasema, "Na yule mwenye kopo, je? Na yeye ni kopo la sokoni. Kila mtu hubonyeza."

Neno hilo lilimnyamazisha Hesabu, na latupasa sisi pia tulifikiri. Kushindana bei si uovu. Muuzaji hutaja bei ya juu akijua kuwa itashushwa, na mnunuzi hutaja ya chini akijua kuwa itapandishwa, na wote wawili wanajua mchezo huo. Mnunuzi akisema, "Sina fedha hiyo," ikiwa kweli hana, au akisema, "Nitajaribu kwingine," ikiwa kweli atajaribu, hakumdhulumu mtu. Lakini muuzaji apangapo bei hutegemea habari za soko, kama mnunuzi ategemeavyo mizani. Anayempa habari ya uongo amebonyeza kitako cha kopo kwa upande wa pili.

Liko na jambo la saa. Asubuhi, mama yule angeweza kusema, "Sitaki," na kumngojea mnunuzi mwingine. Jioni hakuweza. Mchicha uliolala hunyauka, na kesho hauna mnunuzi. Ridhaa yake ilikuwa ya namna gani? Mdomo wake uliridhia, lakini ulilazimishwa na jua. Wapo wasemao kuwa bei yoyote waliyokubaliana watu wawili ni ya haki, kwa kuwa wamekubaliana. Kauli hiyo ni njema pale wote wawili wanapoweza kukataa. Pale ambapo mmoja hawezi kukataa, mwenziwe hubeba dhamana ya wote wawili: ni lazima ajiwekee mwenyewe mpaka ambao muuzaji amekosa nguvu ya kuuweka.

Hesabu alirudi pale kwenye gunia. Akasema, "Mama, niwie radhi. Sikuuliza bei kwingine. Wewe umeuchukua mchicha huu kwa kiasi gani?" Mama akajibu kwamba alinunua alfajiri kwa shilingi 12 kila fungu. Kwa bei ya shilingi 10 angekuwa anapoteza shilingi mbili kila fungu, na mafungu mawili yangebaki mikononi mwake. Hesabu aliandika juu ya karatasi. Mafungu manane kwa shilingi 12 ni shilingi 96. Akasema, "Mama, twaweza kuyachukua yote manane kwa shilingi 100?" Uso wa mama ukakunjuka. Akayafunga yote kwa kamba moja, akaongeza na ndimu mbili.

Bei hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na bado ilikuwa ya haki. Mama alirudisha mtaji wake na shilingi nne juu, akaenda nyumbani kabla ya giza. Wanunuzi walipata mafungu mawili zaidi kwa shilingi 20 pungufu ya walizokuwa wametakiwa kwa mafungu sita. Mchicha hupungua sana chunguni, basi mafungu manane hayakuwa mengi kwa watu 12, na yakinyunyiziwa maji na kufunikwa kitambaa kibichi yangefika kesho salama. Bei ya haki haikuwa katikati ya 20 na 10 kwa kipimo cha rula. Ilipatikana pale mmoja alipouliza habari ya kweli na mwenziwe akaitoa.

Vilivyobaki walivinunua kwa upesi: nyanya, vitunguu na pilipili shilingi 150, ukwaju 80, sukari 150, unga, hamira na iliki 150, mafuta 150, na makaa 100. Jumla ya vyote ikawa shilingi 2,300. Wakitoa nauli ya 150, walibakiwa na shilingi 50 mkononi. Msomaji akitaka kuhakikisha na ajumlishe mwenyewe.

Sasa tulirudie swali letu. Bei rahisi ni hesabu ya mtu mmoja: nimetoa nini, nami nimepata nini. Bei ya haki ni hesabu ya watu wawili: mimi nimepata nini, na yeye amebaki na nini. Hesabu ya kwanza si ovu. Mtu mwenye shilingi 2,500 na wageni 12 asipoijua, ataingia katika deni, na deni lake litaangukia mabega ya mtu mwingine. Ukarimu peke yake angenunua keki kwa mkopo na mchele kwa kopo bovu. Lakini hesabu ya kwanza bila ya ile ya pili nayo hupotoka. Hesabu peke yake angerudi nyumbani na shilingi 90 badala ya 50, na katika karamu ya mama mzee mmoja angeliwa mchicha ulionunuliwa kwa hasara ya mama mwingine.

Kwa shilingi zile 40 tofauti ya watu wale wawili ilipimwa. Ni fedha ndogo, isiyotosha kununua hata nazi moja. Lakini tusidhani kuwa haki huanza pale fedha zinapokuwa nyingi. Aliyezoea kubonyeza kopo la kilo moja, siku akipewa ghala atabonyeza ghala. Na aliyeweza kurudi kwenye gunia la mchicha, giza likiingia, kusema kuwa alidanganya kwa shilingi 10, mtu huyo aweza kukabidhiwa funguo za ghala.